Kioo chochote, elfu sabini na tano

Jirani yangu mpya ana spika. Nianze na hiyo spika, maana watu wa barazani wanadhani kinachonikondesha ni bei tu. Bei nitaifikia. Lakini spika ile huanza saa tatu asubuhi, muuza urojo hajamenya hata kiazi, na mpaka alasiri huwa inasema maneno yale yale: "Kioo chochote elfu sabini na tano! Dakika kumi na tano tu! Kioo chochote!" Uchochoro wetu huku Mchangani unapitisha mtu mmoja na mkokoteni mmoja, tena kwa kupishana kwa adabu. Sauti ikishaingia humu haina pa kutokea. Inapiga ukuta wa mawe, inarudi, inanikuta mimi nimeinama na skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta, na skrubu inaruka. Skrubu ikiruka katika duka la Mji Mkongwe hiyo basi tena, imekwenda kuishi na mababu.

Mimi ni fundi simu. Nimeona mengi. Niliona usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia, na asubuhi yake watu wamejipanga mlangoni kwangu wameshika vipande vya plastiki visivyoshika mtandao, wananitazama kama vile mimi ndiye niliyezima. Sikutetereka. Lakini hili la kusimamiwa mbele ya meza na mtu mzima, anayenijua, aliyekula harusi yangu, akaniambia, "Fundi, mbona mwenzako anafanya kwa sabini na tano?" hili linanipandisha presha. Mwenzangu! Tumekula naye wapi? Jina lake mwenyewe silijui, najua spika yake.

Wa kwanza kuvuka njia kwenda kwake alikuwa mama mkwe.

Sasa mama mkwe wangu, Mungu amweke, ana Samsung A12. Simu ilimponyoka ikaangukia sakafu ya saruji, kioo kikawa kama utando wa buibui. Angeniletea mimi ningemfanyia bure, kwa sababu nina mke na ninapenda kulala ndani. Hakuniletea. Alisema hakutaka kunisumbua, na tena kule kuna "ofa". Akalipa 75,000. Kioo cha A12, mabibi na mabwana, kwangu ni 60,000 kwa mtu wa njiani nisiyemjua hata salamu. A12 imetoka kiwandani na kioo cha LCD cha kawaida, bei yake iko chini tangu huko Kariakoo. Kwa hiyo mama mkwe aliniepuka mimi niliye bure, akapita bei yangu ya wageni, akaenda kulipa 15,000 zaidi, halafu Ijumaa mbele ya sinia la biriani akanieleza namna nilivyo ghali. Nilitafuna. Ningefanyaje?

Hapo ndipo nilipoanza kuiangalia hiyo "chochote" kwa jicho la kazi. Vioo vya simu havina bei moja, kama vile samaki wa mnadani hawana bei moja. Ukimwambia mtu "chochote kwa 75,000", mwenye simu ya kioo cha bei rahisi unamzidishia, na mwenye simu ya kioo cha bei kubwa lazima umpe kitu kingine. Huwezi kumpa kile kile. Nilijua kuna siku hicho kitu kingine kitakuja mezani kwangu, na kilikuja, mkononi mwa mwalimu mmoja wa skuli.

Bi Mwalimu ana Samsung A51. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mkoba magotini, akasema, "Fundi, kidole changu kimekataliwa."

"Kidole gani, Bi Mwalimu?"

"Cha kufungulia simu. Nimenawa kwa sabuni, nimepaka mafuta, nimefuta mafuta. Kijana wa huko ng'ambo ya njia anasema ati ni ngozi yangu, imechakaa na chaki."

Nikamwomba simu. A51 ina kisoma kidole chini ya kioo. Ukiweka kidole, kioo chenyewe kinawaka pale pale ulipogusa, mwanga unapiga kwenye ngozi na kurudi chini, na kijicho kidogo kilicho nyuma ya kioo kinapiga picha ya mistari ya kidole. Hiyo inawezekana kwa sababu kioo cha asili cha A51 ni AMOLED, ambacho kila nukta yake huwaka yenyewe na nyuma yake hakuna taa. Mwanga unaweza kupenya. Kioo cha LCD ni habari nyingine: nyuma yake kuna taa na karatasi ya kuakisi mwanga, na karatasi hiyo ni kama ukuta. Kijicho kiko gizani, hakioni kitu. Unaweza kuwa na kidole cha mtoto mchanga, simu haitakitambua.

Nilifungua picha nyeusi tupu kwenye ile simu, nikamwita Bi Mwalimu nyuma ya pazia ninakoweka maboksi, akaja na mkoba wake kwa tahadhari. Kwenye giza, weusi ule haukuwa weusi, ulikuwa kijivu, kama majivu ya jiko, na kingo za chini zinavuja mwanga. Nikaweka pembeni yake A51 ya kijana wangu wa dukani, yenye kioo cha OLED na picha ile ile nyeusi. Hiyo haikuonekana kabisa. Ilibidi aipapase kujua kama iko.

"Kwa hiyo si chaki?" akauliza.

"Si chaki, Bi Mwalimu. Umewekewa LCD."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo walimu peke yao ndio huuliza: "Na risiti yake imeandikwa nini?" Akaitoa mkobani. Imeandikwa "kioo".

Hapa ndipo ilipo ile vita ya bei ambayo watu wananiambia nimeshindwa. Nikae nihesabu mbele yenu, maana hesabu hii nimeihesabia mke wangu na kijana wangu, na mara moja nilimhesabia paka.

Kioo cha OLED cha A51, kopi nzuri, nakipata Kariakoo kwa 82,000. Weka 3,000 ya usafirishaji kwa boti mpaka Malindi pamoja na gundi. Weka 5,000 ya akiba ya vioo vinavyokufa, maana vingine vinafika vimekufa, na vingine navitoa uhai mimi mwenyewe mkono ukiteleza, na muuzaji wa jumla hapokei kioo kilichobanduliwa karatasi yake ya juu. Tumefika 90,000. Ninatoza 130,000. Inabaki 40,000 ya kodi ya chumba, umeme, mshahara wa kijana na chakula changu.

Watu wa baraza walinishauri, kwa ukarimu wa watu wasiolipa kodi, nishushe mpaka 100,000 "angalau umsogelee". Haya, tushushe. Ninashusha 30,000 kwenye bei, mteja anaona nimepunguza chini ya robo, anasema bado ghali. Mimi mfukoni nimebaki na 10,000 badala ya 40,000. Ili nipate pesa ile ile niliyokuwa napata kwa vioo vitatu kwa siku, lazima nibadilishe kumi na viwili. Kioo kimoja cha A51, nikikifanya kama kinavyotakiwa, kinanila karibu saa nzima. Vioo kumi na viwili ni saa kumi na mbili bila kuswali wala kwenda chooni. Na mtaji wa kununua vitatu ni 246,000, wa kununua kumi na viwili ni 984,000. Yaani nitafute karibu milioni moja kila siku ili niwe maskini kwa juhudi.

Halafu mhesabu na yule wa spika. LCD ya A51 ananunua 40,000, tuseme 42,000 na gharama. Anatoza 75,000. Anabaki na 33,000. Hajapunguza kitu huyo bwana! Hapati hasara, hajajitoa mhanga, hapigani vita yoyote. Anauza bidhaa nyingine, kwa faida inayokaribia yangu na mtaji nusu ya wangu, na spika. Ningeshuka kumfuata ningekuwa napigana peke yangu, na bado ningeshindwa.

Na zile dakika kumi na tano nazo zina maelezo yake. Simu hii kwanza unapasha moto mgongo, unaufungua, unachomoa betri kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha unapasha kioo kilichovunjika, unakitoa vipande vipande, unakwangua gundi ya zamani kwenye fremu mpaka iwe safi, kwa sababu chembe moja ya kioo ikibaki chini, kioo kipya kitapasuka siku mtu atakapokaa na simu mfuko wa nyuma. Kioo kipya unakichomeka kwanza bila gundi, unakijaribu chote, ndipo unabandika, unakifunga kwa raba na kukiacha. Gundi ile inataka saa kadhaa kushika vizuri, na siku nzima kukomaa. Ukimpa mtu simu baada ya dakika kumi na tano, akaenda nayo Nungwi, ikakaa kwenye jua juu ya dashibodi ya daladala, jioni kona moja ya kioo imeinuka kama mdomo wa chaza. Mchanga unaingia. Nimezifungua simu za namna hiyo, ndani kuna ufukwe mzima, umekosa mnazi tu.

Mafundi wenzangu wa Darajani na Mlandege nao walikuwa wanalia. Tukakutana kwenye kahawa, tukiwa na hasira na kashata, tukakubaliana kwamba hakuna atakayeshuka chini ya 120,000 kwa OLED ya A51. Tuliapa. Mmoja alisoma dua. Ilikuwa baada ya alasiri. Kabla ya magharibi mteja wangu mmoja alinionyesha ujumbe wa simu: yule aliyesoma dua amempa bei ya 110,000. Wengine walifuata. Kikundi cha watu wanaoapiana bei hudumu mpaka wa kwanza wao apate mteja. Na hata kingedumu, wanunuzi wangekuwa na haki ya kutulaani, maana huo ni ujanja dhidi yao, tena ujanja wa kizembe.

Basi nikafanya la kwangu. Nilichukua ubao, nikafuta "VIOO AINA ZOTE", maandishi ambayo hayamwambii mtu chochote, nikaandika simu moja moja. Kwa A51 niliandika mistari mitatu. LCD, 75,000, kidole hakisomi. OLED, 130,000, kidole kinasoma. Ya kiwandani na fremu yake, 210,000, kwa kuagiza. Kijana wangu aliuliza kwa nini tunauza LCD tuliyokuwa tunaisema. Nikamwambia LCD haina dhambi. Kuna mtu simu yake ni ya kusikiliza mawaidha na kupiga kwao Pemba, anafungua kwa namba ya siri, hataki kidole. Huyo 75,000 ni haki yake, na hata akikosa weusi wa OLED hatakufa. Dhambi ni kumuuzia LCD yule aliyedhani anarudishiwa alichokuwa nacho. Na sikushuka mpaka 70,000, kwa sababu ningeshuka jirani angeshuka 65,000, na spika ingeongezwa sauti.

Pili, juu ya meza nimeweka A51 mbili zilizokufa nusu, moja LCD moja OLED, zote zinaonyesha picha nyeusi, na nimezifunika kwa kipande cha kanga ya zamani ya mke wangu. Mteja anaingiza kichwa chini ya kanga, anatazama. Mwanzoni watu waliona haya, sasa wanaleta na watoto. Muuza urojo anasema nimefungua sinema. Lakini nimeacha kubishana: mtu anatoa kichwa, anasema mwenyewe, "Aa, kumbe." Hiyo "kumbe" ya mteja ina thamani kuliko mahubiri yangu ya nusu saa, ingawa mahubiri nayo bado natoa.

Tatu ni risiti. Naandika aina ya kioo, tarehe, na dhamana ya miezi mitatu kwa kioo kinachokufa chenyewe au kugoma kuguswa. Kuanguka simo, maji simo. Kila mtu anasema hakuiangusha. Kioo kina mpasuko unaoanzia kwenye kona, kona ya fremu imebonyea, rangi ya simenti iko pale, naye anakula yamini kwamba ilipasuka yenyewe usiku kwa baridi. Baridi! Unguja! Dhamana inanigharimu, sikatai, ile akiba ya 5,000 niliyoitaja kwa sehemu ndiyo hiyo. Yule wa spika hana akiba hiyo, kwa hiyo ana msemo: "Ukishatoka mlangoni, Mungu ndiye mlinzi."

OLED yangu nayo ni kopi, na ninasema hivyo. Kingo zake zimezidi upana kidogo, na kidole inakisoma kwa kufikiri kwanza. Wapo wanaokasirika kuambiwa ukweli huu. Mmoja aliniambia, "Fundi, wewe unauza au unaharibu?"

Kazi ambayo hakuna spika inayoitangaza ni ya simu iliyoonja bahari. Vijana wanaruka makachu pale Forodhani, mmoja kasahau simu kwenye kaptura, na kila wiki napata kama huyo. Hii haina bei ya kulinganisha, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo mpaka ifunguliwe. Ninatoza 10,000 ya kufungua na kusafisha, simu ipone isipone, na nikiitengeneza ninazikata kwenye malipo. Watu hunung'unika, ila wakishaona bodi chini ya kioo cha kukuzia wananyamaza: kutu ya kijani imeota kwenye meno ya tundu la chaji, na palipokuwa na umeme wa betri ndipo palipoliwa zaidi. Chumvi na umeme ndivyo vinavyokula shaba, na mwenye simu naye, badala ya kuizima, kaiweka kwenye mchele halafu kila baada ya saa anaiwasha kuangalia kama imepona. Mchele umebaki, simu imekwenda. Kazi hizi za maji sasa ndizo zinazolipa kodi ya chumba, na yule jirani ananiletea wateja bila kujua: akishindwa anawaambia simu imekufa, wanavuka kuja kutafuta maoni ya pili.

Nisiseme uongo kwamba wateja wa vioo wamerudi wote. Wengine wamerudi, Bi Mwalimu mmoja wao, aliyelipa 130,000 juu ya zile 75,000 na akaniambia atalifanya hesabu ya darasa la tano. Wengine wamekwenda na hawajarudi, na wanaridhika, na salamu wananipa. Mama mkwe amepata simu mpya kutoka kwa mwanawe aliyeko Maskati, na kioo chake kikivunjika sijui atakwenda wapi. Sitauliza.

Wanaonimaliza ni wale wa katikati. Jana tu alikuja bwana mmoja, kanzu imepigwa pasi, A51 imepasuka juu kushoto. Nikamwambia aingize kichwa chini ya kanga. Nikamweleza taa ya nyuma, karatasi ya kuakisi, kijicho kilicho gizani. Nikamwonyesha kwamba simu yoyote ya Samsung ya namna hii ukiingiza `*#0*#` kwenye sehemu ya kupigia inafungua ukurasa wa majaribio, unachagua Touch, unapitisha kidole kwenye vile vijumba mpaka pembezoni, na pakibaki kijumba kimoja kisichobadilika rangi basi kioo hicho usikipokee. Alinisikiliza kama mtu aliye kwenye darsa. Aliuliza maswali mazuri. Chai yangu ilipoa. Mwisho akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Sheikh, Mungu akuzidishie. Leo nimejifunza kitu."

"Amin. Nikuwekee OLED?"

"Ngoja kwanza," akasema, akakunja kanzu asiburuze, akavuka njia.

Nikamtazama anaingia kule. Kijana wangu akanitazama mimi. Nikasimama mlangoni, nikapiga kelele kuishinda spika: "Hakikisha anakufanyia ile ya Touch kabla hajabandika gundi! Kabla, umesikia?"

Akanipungia mkono.